Cheo au kuhama idara? Maswali yenu ya wiki hii

Nimelipa invoisi za wazabuni miaka 5. Sasa nina ofa mbili hapahapa kazini: niwe supavaiza wa timu ya malipo, mshahara upande asilimia 10, au nihamie kitengo cha bajeti kwa mshahara huuhuu. Ndugu zangu wote wanasema chukua cheo. Unaonaje?

Mi ningeanza kwa kuhesabu viti. Juu ya supavaiza wa malipo mara nyingi kuna mhasibu mkuu mmoja, na juu yake mkurugenzi wa fedha mmoja, sasa kama huyo mhasibu mkuu bado kijana na haonyeshi dalili ya kuondoka, ukishapanda hiyo hatua moja ndo umefika, utakaa hapo miaka unasaini malipo yaleyale.

Halafu angalia kazi yenyewe inabadilika nini. Ukiwa supavaiza utaidhinisha invoisi, utapanga likizo za timu, utapokea simu za wazabuni wanaodai, mwisho wa mwezi utasimamia usuluhishi wa leja ya wadai. Yote hayo unayajua tayari, tofauti ni kwamba sasa wanafanya wengine na lawama unabeba wewe. Kwenye bajeti unakaa na mkuu wa mauzo, anakwambia mwakani tutauza kiasi hiki, unamuuliza kwa nini, unayageuza maneno yake kuwa makadirio, alafu mwezi ukiisha unalinganisha bajeti na matumizi halisi na unatakiwa useme pengo limetoka wapi. Mfano matumizi ya malighafi yamezidi: ni bei iliyopanda, au tumenunua nyingi kuliko tulivyopanga? Ni vitu viwili tofauti kabisa na kila kimoja kina mtu wake wa kuulizwa. Na hilo ndo swali wakubwa wanalouliza kwenye vikao, kwa hiyo anayelijibu vizuri wanamjua kwa jina.

Kabla hujaamua fanya hivi: tafuta matangazo kama 10 ya kazi unayoitaka miaka 5 ijayo, uyaprinti, na upige tiki kwenye kila sifa uliyonayo. Zile zinazojirudia bila tiki ndo zinakupa jibu. Kama unalenga umeneja wa fedha, nategemea utakuta bajeti na makadirio karibu kila tangazo. Ila ukikuta kinachojirudia ni "uzoefu wa kusimamia watu" na wewe hujawahi kusimamia hata mtu mmoja, basi chukua usupavaiza bila kusita, maana hapo cheo ndo kinakupa kile ulichokosa.

Mi nakubali hoja ya kujifunza lakini nina familia. Hiyo asilimia 10 ninayoiacha nitairudisha lini?

Swali la maana sana hili na watu wanalikwepa. Tuchukue mshahara wa sasa ni 100, na kila mwaka nyongeza ya kawaida ni asilimia 3. Mwenye cheo anapata 110 mwaka wa kwanza, kisha 113.3, kisha karibu 116.7. Aliyehama anapata 100, kisha 103. Kwa hiyo baada ya miaka 2 amepoteza kama 20.3.

Sasa tuseme mwaka wa 3 unaanza, aliyehama anapata nafasi kubwa zaidi kwa sababu ya ujuzi mpya, anaruka asilimia 25 na kufika karibu 128.8. Hapo anamzidi mwenzake kama 12 kwa mwaka, na kabla mwaka wa 4 haujaisha ile 20.3 imeshafidika. Lakini tazama upande wa pili: akiruka asilimia 10 tu, anafika 113.3, bado yuko chini ya mwenzake, hajarudisha chochote. Na mruko ukichelewa mpaka mwaka wa 5, deni limeshafika kama 42 na litachukua miaka mingine zaidi ya 3 kulilipa.

Kwa hiyo kuhama kunalipa kama kuna mruko mkubwa wa kweli na hauko mbali. Waulize waliopita kwenye hicho kitengo: waliotoka hapo walienda wapi na baada ya muda gani? Kama miaka yote hakuna aliyetoka kwenda juu, hesabu yangu hapo juu isahau. Na kama bajeti ya nyumbani haiwezi kubeba hiyo miaka 2, chukua hela, hakuna aibu yoyote hapo.

Nitajuaje kama ni nafasi nzuri au wananisukuma pembeni kistaarabu?

Uliza mtu aliyekuwa kwenye hiyo kiti kaenda wapi, na kama kiti hakikuwepo uliza nani aliomba kiundwe na bajeti yake inatoka idara gani. Nafasi ya kweli ina bosi aliyeililia, ana kazi mezani tayari na anaweza kukwambia miezi 3 ya kwanza utafanya nini. Ukiona maelezo ya kazi yamejaa maneno kama "kuratibu" na "kusaidia miradi maalumu", hakuna ripoti hata moja yenye jina lako, na bosi mpya mwenyewe kasikia habari zako wiki hiyohiyo, hiyo si fursa. Kitu kingine cha kuangalia, nani anapewa kazi zako za zamani: zikigawanywa harakaharaka kabla hata hujakubali, ujue uamuzi ulishafanyika.

Nimeshakubali kuhamia manunuzi kutoka stoo. Niombe nini kwa maandishi?

Mambo matatu. La kwanza, daraja lako la mshahara libaki lilelile na miaka yako ya kazi isianze upya, na kama kuna kipindi kipya cha majaribio basi iandikwe ukishindwa unarudi wapi. La pili tathmini ya mwaka, na hapa ndo wengi wanaumia, maana ukihama katikati ya mwaka bosi mpya hajui ulichofanya na wa zamani ameshakusahau, unaishia alama ya katikati na nyongeza ndogo. Mwombe bosi wa stoo aandike tathmini ya miezi mliyokuwa pamoja KABLA hujaondoka. La tatu tarehe ya mwisho ya makabidhiano, la sivyo utajikuta miezi 4 unafanya manunuzi mchana na kujibu maswali ya stoo jioni.

Mi ni injinia, nimepewa nafasi rasilimali watu. Wenzangu wanasema nitapotea kabisa.

Mary Barra alikuwa injinia pale General Motors, mwaka 2009 akawekwa kuongoza rasilimali watu, 2011 akahamia kuongoza uundaji wa magari, na Januari 2014 akawa mkuu wa kampuni nzima. Ila angalia vizuri: alikaa huko muda mfupi kisha akarudi kwenye magari. Ufundi ukikaa nao mbali unapoa, kwa hiyo kubaliana mapema utakaa muda gani, na ukiwa huko shika kitu kinachogusa mainjinia, mfano kuajiri mafundi au kupanga mafunzo yao, usije ukabaki na mafaili ya likizo.

Bosi wangu wa sasa nimwambie lini?

Kabla ya intavyuu rasmi, na baada ya mazungumzo ya kwanza na bosi mpya. Ukisubiri zaidi atasikia kwa mtu mwingine, na yeye ndo atapigiwa simu kuulizwa habari zako.