Umeulizwa uongozi na hujawahi kuwa bosi? Chagua kisa ambacho watu wangeweza kukukatalia

Juzi dada mmoja msomaji aliniandikia ujumbe mrefu, nusu yake hasira. Ni msaidizi wa stoo kwenye duka la jumla la vyakula, mwaka wa nne sasa. Aliomba kazi ya msimamizi msaidizi wa ghala mahali pengine, akaitwa kwenye usaili, na mambo yalikwenda vizuri mpaka mjumbe mmoja wa jopo alipomwambia, "Tupe mfano wa wakati ulipoonyesha uongozi." Akajibu kwamba kazini hajawahi kupewa cheo, ila sekondari alikuwa kiranja wa usafi. Kazi alipewa mwingine. Swali lake: "Sasa mtu ambaye hajawahi kuwa bosi ajibu nini, adanganye?"

Asidanganye. Kosa lake halikuwa kukosa cheo, ni kuchagua kisa kibaya akiwa na kizuri mfukoni. Nasema hivyo kwa sababu baada ya kuulizana maswali kwa siku mbili, kisa kizuri kilijitokeza chenyewe, tena kutoka kwenye stoo ileile aliyodai haina cha kusimulia.

Kabla ya kuchagua kisa, kipitishe kwenye maswali mawili. La kwanza: nani alibadilisha anachofanya kwa sababu yako? Kama hakuna, hicho ni kisa cha uchapakazi. Kubaki mpaka saa tatu usiku ukimalizia kuhesabu mali peke yako ni jambo la kusifiwa, lakini jopo limeuliza kitu kingine. Swali la pili ndilo linalochuja kwelikweli: je, mtu huyo angeweza kukukatalia na asipate tatizo lolote? Kiranja wa usafi ana mwalimu nyuma yake. Wanafunzi walifagia kwa kumwogopa mwalimu. Vivyo hivyo, ukitumwa na meneja uwaambie wenzako waje mapema kesho, umebeba mamlaka ya meneja, hujaongoza. Wanachotafuta ni pale ambapo hukuwa na cha kumtishia mtu wala cha kumlipa, na bado akaja upande wako.

Ndiyo maana, kama kazini hukupata kisa kabisa, kamati ya harusi inakishinda cheo cha kiranja. Anayefuatilia ahadi za michango kwa watu wasiomdai wala asiowadai kitu, na fedha zikapatikana kabla ya siku yenyewe, anajua kushawishi. Katibu wa kikoba naye anajua. Lakini anza kutafuta kazini kwanza, maana jopo linataka kukuona mahali panapofanana na pao.

Sasa tuje kwa dada yetu. Kwenye stoo yao, katoni za maziwa na juisi zilikuwa zinaisha muda zikiwa nyuma ya paleti, kwa sababu mzigo mpya ulipangwa mbele ya wa zamani. Kila mtu wa stoo anajua kanuni: kinachoisha muda mapema kitoke mapema. Kanuni haikuwa tatizo. Waliokuwa wanapanga ni vibarua wanaolipwa kwa kila gari wanaloshusha. Kuhamisha mzigo wa zamani ili mpya ukae nyuma kungewala muda, na muda wao ndio hela yao. Hapo ndipo uongozi ulipojificha, na yeye alitaka kukiruka kipande hicho akidhani kinachosha.

Jibu tuliloliandika pamoja ni hili. Likisomwa kwa utulivu halizidi sana dakika mbili:

"Mwaka jana nilikuwa msaidizi wa stoo, sikuwa na mtu chini yangu. Ndani ya miezi mitatu tulitupa katoni 38 zilizoisha muda zikiwa nyuma ya mzigo mpya. Wanaopanga ni vibarua, wanalipwa kwa gari, kwa hiyo sikuweza kuwaamuru wafanye kazi ya ziada. Nilikaa na mkubwa wao wakati wa chai nikamuuliza nini hasa kinawachelewesha. Akaniambia ni mambo mawili: kutafuta tarehe zilizoandikwa kwa maandishi madogo, na kuhamisha mzigo wa zamani. Nikamwambia tarehe nitaziandika mimi kwa maka peni katoni zikiwa zinashuka, na hakuna mtu atakayehamisha kitu. Kila bidhaa itakuwa na paleti mbili. Yenye kibao cha TOA HAPA inatolewa mpaka iishe, mzigo mpya unakwenda kwenye nyingine, kisha kibao kinahamia huko. Nilimwomba meneja tujaribu wiki mbili kwa maziwa peke yake, akakubali. Siku ya tatu magari mawili yalifika pamoja, paleti ikajaa, wakarudia mtindo wa zamani. Sikugombana nao. Niliona kosa ni langu, paleti moja haikutosha, nikaongeza ya akiba. Mwezi wa kwanza tulitupa katoni 17, kwa sababu zilizojificha nyuma ndiyo kwanza zilionekana. Miezi mitatu iliyofuata tulitupa 9. Nilipokwenda likizo, mmoja wa vibarua ndiye aliyekuwa anaandika tarehe."

Liangalie vizuri. Hali ya mwanzo imechukua sentensi tatu tu. Wengi hutumia dakika nzima kueleza kampuni inauza nini, ilianza lini, stoo ina milango mingapi, na wakifika kwenye walichofanya wanakatishwa. Sehemu kubwa ya muda ikae kwenye hatua zako, na hasa kwenye ile sentensi ya "nikamuuliza nini hasa kinawachelewesha". Kuuliza kabla ya kupendekeza ndicho kitendo cha uongozi katika kisa hiki kizima.

Pia usiifute siku ya tatu. Kisa kisichokuwa na siku mbaya kinanuka utungo. Kadhalika zile katoni 17. Mwezi mmoja 17, wakati zamani ilikuwa 38 kwa miezi mitatu, maana yake mambo kwanza yalionekana kuharibika zaidi. Mtu aliyekuwepo ndiye anayejua kwa nini. Dada alitaka kuificha namba hiyo, nikamkatalia.

Namba hizo alizitoa kwenye daftari la mzigo ulioharibika. Kama kwenu hakuna daftari, usibuni asilimia. Sema unachoweza kukitetea: "Zamani tulikuwa tunatupa karibu kila wiki, baadaye ikawa mara moja kwa mwezi." Asilimia 40 isiyo na chanzo inaanguka kwenye swali moja tu: "Uliipimaje?"

Kuna jambo la lugha hapa ambalo linawaangusha watu wengi wanaojua kazi. Tumelelewa kutojisifu, kwa hiyo kila kitendo tunakivika "tu-": tuliona, tulikaa, tukaamua. Au mbaya zaidi, tunakiweka mahali pasipo na mtu: ilionekana, ikapendekezwa, paleti zikaongezwa. Mjumbe wa jopo ana karatasi ya alama mbele yake, na hawezi kukupa alama kwa kitendo ambacho hajui nani alikifanya. Rudia kusoma jibu hapo juu ukifuatilia viambishi tu. "Nilikaa", "nikamuuliza", "nilimwomba" ni yeye. "Akaniambia" na "akakubali" ni watu wengine, na kila mmoja ametajwa kwa nafasi yake. "Tulitupa" imebaki kwa sababu hasara ilikuwa ya wote. Mgawanyo huo haukufanyi uonekane una majivuno. Anayesema "ni-" kwenye kila kitenzi, hata kile cha meneja kukubali, ndiye anayeonekana hivyo. Jirekodi kwenye simu, kisha hesabu. Ukikuta "tu-" saba na "ni-" moja, jibu bado halijaiva. Kwa Kiingereza ugonjwa ni uleule.

Baada ya jibu huja maswali ya kuchimba, na hapa ndipo waliokariri wanapotoka jasho. "Meneja wako alijua?" Jibu liwe ndani ya kisa tayari, kama lilivyo hapo juu. Ukisimulia kana kwamba bosi alikuwa amelala na wewe ndiye uliyeiokoa stoo, jopo linaona mtu atakayewapita wao kesho. Usimseme vibaya hata kama alikuwa amelala kweli. "Na kama vibarua wangekataa?" Hapa usikimbilie "ningewaripoti". Sema ungefanya nini ndani ya uwezo uliokuwa nao, kwa mfano: "Ningeomba nianze na bidhaa moja ambayo naweza kuipanga mwenyewe, waone kama inawachelewesha." "Ungebadilisha nini ukirudia?" Dada anajibu kwamba angepima gari moja linashusha katoni ngapi kabla ya kuamua idadi ya paleti. Hilo ni jibu la mtu wa stoo, halikuokotwa mahali.

Tofautisha swali la kuonyesha uongozi na ndugu yake: "Una uzoefu wa kusimamia watu?" Hili linauliza kupanga zamu, kuandika tathmini, kutoa onyo, kuidhinisha likizo. Ukilijibu kwa kisa cha paleti utaonekana unakwepa. Jibu: "Kwa cheo, hapana. Sijawahi kuandika tathmini wala kutoa onyo. Nilichofanya ni kumfundisha msaidizi mpya kwa wiki tatu na kushika funguo za stoo meneja akiwa safarini." Ukweli uje mwanzoni, kisha kilicho karibu nao. Usijiite kaimu kama hakuna barua ya kukaimu. Na kama tangazo limesema lazima miaka mitatu ya usimamizi, kisa kizuri hakiijazi hiyo miaka, na ni heri ulijue hilo kabla ya kulipa nauli.

La mwisho ni wadhamini. Wengi huandika jina na namba ya simu kisha husahau. Mpigie mdhamini wako kabla ya usaili, umkumbushe kisa utakachokisimulia: bidhaa gani, mwezi gani, vibarua, kibao cha TOA HAPA. Usimpangie cha kusema. Mkumbushe tu, maana yeye ana mambo mia, na akiulizwa ghafla "huyu aliongoza nini kwenu?" anaweza kujibu kwa nia njema kabisa, "Ah, ni mfanyakazi mzuri, mpole, hana matatizo." Dada alipompigia meneja wake wa sasa kuhusu usaili wa wiki ijayo, meneja alikuwa hakumbuki katoni hata moja. Alichokumbuka ni kile kibao, kwa sababu bado kinahama kutoka paleti moja kwenda nyingine.