Kukadiria kazi kwenye timu bila mwenye sauti kubwa kuwaamulia

Kwenye timu yetu ya kutengeneza sistimu za kompyuta hapa Mombasa tuna sheria moja ambayo mgeni akija anaiona ya ajabu kidogo: tukikaa kukadiria kazi ni kubwa kiasi gani, hakuna kutaja namba kwa mdomo. Uliza maswali mpaka uchoke, bisha, agiza kahawa, lakini namba kaa nayo. Maana ile namba ya kwanza ikishatoka, hasa ikitoka kwa mwenye sauti, zote zinazofuata zinaizunguka hiyo hiyo. Mtu alikuwa na kumi kichwani, anasikia "ah hiyo siku mbili tu mwanangu", basi na yeye anasema tatu na anajiona amekuwa jasiri kweli.

Na usidhani ni woga peke yake. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika mwaka 1974 kuhusu jaribio lao la gurudumu la namba, walilichezea lisimame kwenye 10 au 65 tu, halafu wakawauliza watu nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa. Walioona 10 jibu lao la katikati lilikuwa 25, walioona 65 wakasema 45. Gurudumu halina cheo, halina mvi wala halikulipi mshahara, na bado liliwavuta vile. Sasa weka pale fundi mkuu wa ofisi.

Dawa tunayotumia kila wiki ni planing poka, aliyeileta ni James Grenning mwaka 2002, halafu Mike Cohn akaieneza. Kila mtu ana kadi zake: 0, nusu, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20, 40, 100, kuna ya alama ya kuuliza kwa anayeona hajaelewa kitu, na ya kikombe kwa aliyechoka anataka mapumziko. Angalia jinsi nafasi zinavyopanuka, baada ya 13 hakuna 14, ni 20, kwa sababu kazi ikishakuwa kubwa hivyo hakuna anayeweza kutofautisha 14 na 15 kwa ukweli, mkibishania hapo mnapoteza mchana bure. Na hizo namba si siku. Chagueni kazi moja ndogo ambayo wote mmeshaifanya, sisi tulichukua ile ya kuprinti risiti tukaiita 2, kila kazi mpya inalinganishwa na hiyo.

Nikupe mfano wenyewe. Mteja wetu ana ofisi ya kliaringi, alitaka sistimu imhesabie storeji ya kontena pale bandarini Kilindini. Kazi ikasomwa, maswali yakaulizwa, kila mtu akalaza kadi yake kifudifudi mezani, tukahesabu tatu tukafunua pamoja. Zikatoka 3, 3, 5, 3, na 13.

Hapa ndipo timu nyingi zinapoharibu. Mtu anachukua simu anapiga wastani, inakuja tano na kitu, "haya tuandike 5 twende". Usifanye hivyo yakhe! Ile 13 haisemi kazi ni ngumu kidogo zaidi, inasema kuna mtu anaona kazi tofauti kabisa na mnayoiona nyinyi. Ukipiga wastani umemzika yeye na anachokijua. Utaratibu ni kwamba wa chini kabisa na wa juu kabisa ndio wanaozungumza, wengine wote kimya, na wakimaliza ndipo mnapiga kura tena.

Mmoja wa wenye 3 akasema ni tarehe ya kutoka utoe tarehe ya kuingia, uzidishe na bei, basi. Mwenye 13 alikuwa dada mmoja mkimya ambaye kabla ya kuja kwetu alikuwa klakii kwenye kazi hizo hizo za kliaringi. Akasema, siku za bure za mzigo wa hapa Kenya si sawa na za mzigo wa transiti unaokwenda Uganda au Rwanda, bei nayo haikai pale pale, inapanda kwa ngazi kadiri kontena linavyozidi kukaa, futi 20 ina bei yake na 40 ina yake, bei ziko kwa dola na mteja anataka aone shilingi, halafu bei zikibadilishwa katikati ya mwaka invoisi za zamani zisiguswe. Meza nzima kimya. Raundi ya pili zikaja 8, 13, 13, 8, 13. Hapo tukaona bora tuikate, hesabu ya ngazi za bei ikawa kazi moja na kubadilisha dola ikawa nyingine, tukazikadiria upya kila moja peke yake.

Sasa sauti kubwa ina njia zake za kurudi hata kadi zikiwa kifudifudi. Kuna yule anayesoma kazi kwa sauti halafu anaongeza "hii ndogo hii", hajataja namba lakini ameshaitaja. Kuna anayeguna kadi zikifunuliwa. Kuna anayechelewesha kadi yake nusu sekunde aone za wenzake kwanza, huyo mwambie aandike kwenye karatasi kabla ya kuhesabu tatu. Na bosi asipige kura, wanaopiga ni watakaoifanya kazi yenyewe. Bosi, au yule anayesemea mteja anataka nini, akae ajibu maswali tu.

Kitu ninachokiangalia sana ni raundi ya pili. Namba ikihama, je kuna sababu mpya iliyosemwa? Pale kwenye storeji watatu walipanda kutoka 3 kwa sababu walisikia kitu hawakukijua. Hiyo sawa. Lakini nikiona mwenye 13 ameshuka mpaka 3 na hakuna aliyemjibu hoja yake, huyo hajashawishika, huyo amechoka au ameogopa, na mimi nikiwa naongoza kikao siandiki hiyo 3, namuuliza "kile ulichokisema kuhusu transiti kimeenda wapi?"

Halafu tuwe wakweli, kwetu huku mkubwa ni mkubwa. Kijana wa miaka 23 amefunua 13, mzee wa kazi amefunua 3, unamwambia kijana ajieleze mbele yake. Atasema "ah labda mimi ndio sijaelewa", kwisha. Poka inaficha namba kwa dakika moja tu, haimfichi mtu. Kwa makadirio makubwa, yale ya mradi mzima ambayo mteja atayatia saini, mimi naenda kwenye Delfi.

Delfi ni ya zamani zaidi, ilianzia shirika la utafiti la RAND kule Marekani miaka ya 1950, Olaf Helmer na Norman Dalkey walichapisha jaribio lao mwaka 1963. Waliwauliza wataalamu 7 swali la kivita, yaani mabomu mangapi ya atomiki yangetosha kushusha viwanda vya silaha vya Marekani kwa kiwango fulani, bila kuwakutanisha, kwa fomu raundi baada ya raundi. Mwanzoni jibu kubwa lilikuwa mara 100 ya jibu dogo, mwisho likawa kama mara 2 tu. Moyo wake ni huo: hakuna anayejua nani kasema nini, kila raundi watu wanarudishiwa picha ya majibu yote pamoja na sababu, na wana ruhusa ya kubadilisha.

Sisi tuliifanya kwa huyo huyo mteja wa kliaringi, sistimu nzima, watu 7, swali moja: wiki ngapi kwa timu tuliyonayo. Kila mtu alimtumia mwongozaji kwa WhatsApp, inboksi yake, siyo kwenye grupu. Raundi ya kwanza zikaja 6, 7, 8, 9, 10, 12, 26. Mwongozaji akazipanga akarudisha hivi: ya katikati ni 9, watano kati ya saba wako kwenye 7 mpaka 12, aliye nje ya hapo aandike kwa nini. Mwenye 6 alisema tutatumia tena vitu vya mradi uliopita. Mwenye 26 aliandika kuhusu data ya zamani: mteja ana faili za Excel za miaka mingi, zimejazwa na watu tofauti, na namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, ile ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia, yeye alijaribu faili moja na namba nyingi zikakataa kupita. Nani atakaa kuzisafisha?

Wengine wote tulikuwa tumeisahau kazi hiyo. Raundi ya pili zikawa 8, 10, 12, 14, 14, 16, 22, ya katikati imeruka mpaka 14. Raundi ya tatu 12, 13, 14, 14, 15, 16, 20. Ya katikati haikusogea tena, tukasimama hapo. Mteja tukampa wiki 13 mpaka 16, na ile 20 hatukuitupa, tuliiandika pembeni na sababu yake, tukamwambia kusafisha faili tutakulipisha kivyake maana hatujui zina uchafu kiasi gani.

Mwongozaji ndiye anaweza kuiua Delfi. Asiwe na namba yake kwenye mchezo, na sababu aziandike upya kwa maneno yake, kwa sababu kwenye timu ndogo watu wanajuana kwa mwandiko, kuna mmoja kwetu anaandika Kimvita kitupu na mwingine hawezi kumaliza sentensi bila "wallahi", ukizituma zilivyo hakuna siri tena. Ukitumia Google Form zima ile sehemu ya kukusanya imeili. Watu wakiwa chini ya watano mimi sihangaiki, watakisiana tu.

Na msichanganye kukubaliana na kuwa sahihi. Kama si yule mmoja kufungua lile faili, sote saba tungekutana vizuri kabisa kwenye 9 na tungekuwa tumekosea pamoja. Kwa hiyo kabla ya raundi ya kwanza hakikisha kuna angalau mmoja aliyeigusa data yenyewe, au mtu wa upande wa mteja anayeijua kazi ya kila siku.

Delfi ilituchukua siku kadhaa kwa sababu ya kusubiriana, usiitumie kwa vitu vya wiki. Na kama huna kadi za poka usinunue, kata karatasi, au kila mtu aandike namba kwenye simu kwa herufi kubwa, mhesabu tatu mgeuze skrini.