Barua niliyomwandikia mama kuhusu mashine ya presha

*"Nipo nje ya nchi kikazi na nimemtumia mama mashine ya kupimia presha. Maelezo yaliyomo kwenye boksi hayako kwa Kiswahili, na dada anayekaa naye ni mdogo bado. Nimwandikie nini ili apime mwenyewe na namba zake ziaminike?"*

Mwandikie barua ya karatasi kwa herufi kubwa, uiweke ndani ya boksi pamoja na mashine. Simu huisha chaji, na maelezo yaliyotolewa kwa mdomo husahaulika, lakini karatasi hukaa mezani na kusomwa kila asubuhi hadi mkono uzoee. Usitumie nafasi kubwa kueleza vitufe, kwa sababu mashine nyingi za nyumbani huendeshwa na kitufe kimoja. Nafasi kubwa ipewe namna ya kukaa na namna ya kuufunga mkanda, kwani hapo ndipo namba zinapoharibika.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya barua, nalo ni kupata kipimo cha mkono wake. Nilimwomba mdogo wangu azungushe utepe wa fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko cha mama, akapata sentimita 34. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi ni wa mikono ya sentimita 22 hadi 32, kwa hiyo nilinunua mkubwa wa sentimita 32 hadi 42 unaoingiliana na mashine ileile. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma presha kuwa juu kuliko ilivyo, na hakuna ukaaji mzuri utakaorekebisha kosa hilo. Nilichagua pia mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko badala ya ile ya kufunga kifundoni, kwa kuwa ya kifundoni huyumba sana mkono usipowekwa mahali sahihi kabisa. Tena nilihakikisha inatumia betri nne za kawaida za AA, ili asitegemee umeme wala kichwa cha plagi ya nchi nyingine.

Barua yenyewe niliiandika hivi:

*Shikamoo mama.*

*Mashine uliyoipokea ndiyo ile tuliyozungumza. Kazi yake ni kukuonyesha presha yako ikoje siku za kawaida, ukiwa nyumbani na umetulia, ili daktari asitegemee kipimo kimoja cha siku ya kliniki peke yake.*

*Asubuhi ukiamka, nenda kwanza msalani, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha presha. Pima kabla ya chai na kabla ya kumeza dawa. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili chini na usipandishe mguu mmoja juu ya mwingine. Tulia hivyo dakika tano nzima kabla ya kubonyeza chochote. Najua mama kwamba dakika tano za kukaa bila kazi ni ngumu kwako, lakini ukipima mara tu baada ya kufagia au kupanda ngazi, mashine itasoma uchovu wa kazi hiyo, nasi tunataka kujua presha yako ya utulivu.*

*Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Ikiwa mkono wa gauni unabana unapoukunja, utoe kabisa, maana nguo iliyobana juu ya mkanda nayo huharibu kipimo. Ukingo wa chini wa mkanda uwe juu ya mkunjo wa kiwiko kwa upana wa vidole viwili hivi, na mpira wa hewa ushuke upande wa ndani wa mkono kuelekea kiganjani. Kaza kiasi kwamba ncha za vidole viwili zinaingia chini yake, lakini ngumi haiingii. Kisha laza mkono mezani, kiganja kikiangalia juu, mkanda ukiwa usawa na moyo wako. Ikiwa meza ni fupi, weka mto chini ya mkono. Usiushikilie mkono hewani, kwa sababu msuli unaofanya kazi hupandisha namba.*

*Bonyeza kitufe cha START mara moja. Mkanda utajaa hewa na kubana sana kwa muda mfupi. Usishtuke, utalegea wenyewe. Wakati huo mashine inasikiliza mtetemo wa damu kwenye mshipa, kwa hiyo usizungumze, usicheke, usijibu anayebisha hodi, wala usitikise vidole. Ukiona herufi E badala ya namba, maana yake mashine imeshindwa kusikia vizuri. Mara nyingi ni kwa sababu mkono umetikisika au mkanda umelegea. Funga upya, subiri dakika moja, urudie.*

*Utaona namba tatu. Iliyoandikwa SYS ni ya juu, DIA ni ya chini, na PULSE ni mapigo ya moyo kwa dakika. Ziandike zote tatu kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Subiri dakika moja bila kufungua mkanda, upime tena, uandike tena. Andika kila namba inayotokea, hata isiyokupendeza. Usichague iliyo nzuri. Jioni fanya hivyohivyo kabla ya chakula.*

*Siku ya kwanza tu, pima mikono yote miwili. Mkono utakaotoa namba ya juu zaidi ndio utakaoutumia siku zote, nasi tutamwambia daktari ikiwa tofauti ni kubwa.*

*Dawa zako endelea kuzimeza kama ulivyoandikiwa. Usiongeze wala usipunguze kwa sababu ya namba ya siku moja.*

*Ikitokea SYS imefika 180 au zaidi, au DIA imefika 120 au zaidi, kaa utulie dakika tano na upime tena. Ikibaki hivyo nawe huna dalili yoyote, wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Lakini kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kupoteza nuru ghafla, usipime tena na usinisubiri mimi nipokee simu. Mwambie mdogo wangu akukimbize hospitali mara moja. Dalili hizo zina uzito wake hata namba ikiwa ndogo.*

*Mwanao.*

Mama aliifuata barua hiyo kwa uangalifu, na hata hivyo picha za daftari alizonitumia zilikuwa na jambo la kushangaza. Asubuhi alikuwa akipata namba zinazozunguka 138/80, na jioni zinazozunguka 150/92. Presha hubadilika ndani ya siku, kwa hiyo tofauti peke yake haikunitia shaka. Kilichonishtua ni kwamba namba ya juu na ya chini zote zilikuwa zimepanda kwa kiasi kilekile, kama 12, na ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni. Mwili wenyewe kwa kawaida haupandishi namba hizo mbili kwa ulinganifu wa namna hiyo. Kinachoweza kufanya hivyo ni uzito wa damu yenyewe ndani ya mishipa, pale mkono unapokuwa chini ya moyo.

Hesabu yake ni rahisi. Kila sentimita ambayo mkanda umeshuka chini ya usawa wa moyo huongeza karibu 0.8 kwenye namba zote mbili, na kila sentimita uliyopanda juu ya moyo hupunguza kiasi hichohicho. Mkanda ukishuka sentimita 15, unapata nyongeza ya 12. Nilipompigia simu ya video saa ya kupima jioni, nilimkuta amekaa vizuri kwenye kochi, mgongo umeegemea, miguu imetulia, ila hapakuwa na meza karibu na mkono ulikuwa umelala pajani. Asubuhi alikuwa akipimia kwenye meza ya chakula. Tulihamishia kipimo cha jioni mezani, na zile 12 zikatoweka.

Ndiyo maana nakushauri umwambie apimie mahali pamoja, kiti kilekile na meza ileile, asubuhi na jioni. Nawe ukipokea namba, tazama kwanza kama zinahama pamoja. Zikipanda au kushuka zote mbili kwa kiasi kimoja kulingana na mahali alipopimia, chunguza mkono kabla hujaanza kuhofia moyo.

Baada ya hapo alipima kwa wiki moja. Namba za siku ya kwanza tuliziacha nje ya hesabu, kwa sababu siku ya kwanza huwa na wasiwasi wa kuanza. Zilibaki siku sita, kila siku vipimo vinne, yaani 24. Jumla ya namba za juu ilikuwa 3,288, ukigawa kwa 24 unapata 137. Jumla ya namba za chini ilikuwa 1,944, nayo inatoa 81. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa kuanzia 135 juu au 85 chini huhesabiwa kuwa presha iliyopanda, wakati kipimo cha kliniki mpaka wake uliozoeleka ni 140 na 90. Kwa hiyo mama alikuwa amevuka kidogo kwa namba ya juu ingawa anatumia dawa, na hilo lilikuwa jambo la kupelekwa kwa daktari kwa utaratibu, si la kukimbilia usiku. Kama tungechanganya zile jioni za kochini, wastani wake ungetoka kama 143/87, na pengine angeongezewa dawa kwa ajili ya paja lake.

Daktari hakuhitaji maelezo marefu. Alilitazama daftari, akamwomba mama afunge mkanda na kupima mbele yake, kisha akapima kwa mashine ya kliniki ili aone kama zinakubaliana. Mwandikie mama yako kwenye barua kwamba siku ya kliniki abebe mashine pamoja na daftari, na arudie kufanya hivyo angalau mara moja kila mwaka. Kama mashine yake ina alama inayowaka mapigo yanapokosa mpangilio, naye akaiona mara kwa mara, hiyo pia aiandike pembeni ya namba za siku hiyo, kwa sababu mapigo ya namna hiyo huifanya mashine isome kwa kuyumba na daktari atataka kuyachunguza kivyake.