Maswali na majibu: tishari la saruji, litasimama au litalala?

Tuna tishari la chuma Kibirizi, la mstatili: urefu mita 10, upana 4, kimo 1.5. Tupu lina tani 16. Tukipanga mifuko 480 ya saruji juu ya sitaha, litakuwa salama?

Mifuko 480 ya kilo 50 ni tani 24, kwa hiyo jumla ni tani 40. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari, basi hesabu tani moja kwa kila mita ya ujazo. Gawanya 40 kwa eneo la kitako, 10 × 4, upate kina cha kuzama: mita 1.

Umbo lililo ndani ya maji lina kitovu chake, kitovu cha ueleaji, nacho kiko nusu ya kina: mita 0.5 kutoka kitakoni. Tishari likiinama, kitovu hicho huhamia upande uliozama. Chora mstari wima kutoka hapo kwenda juu. Unapokatana na mstari wa katikati ya tishari ndipo penye metasenta. Kwa chombo cha mstatili, metasenta iko juu ya kitovu cha ueleaji kwa upana × upana ÷ (12 × kina), yaani 16 ÷ 12 = mita 1.33. Jumlisha na 0.5: mita 1.83 kutoka kitakoni.

Sasa uzito. Nakadiria kitovu cha uzito wa tishari tupu kiko mita 0.7 kutoka kitakoni. Mifuko ikipangwa safu 8, kila safu sentimita 15, lundo lina mita 1.2 na kitovu chake kiko 1.5 + 0.6 = mita 2.1. Kitovu cha vyote pamoja: (16 × 0.7 + 24 × 2.1) ÷ 40 = mita 1.54. Toa kwenye 1.83, unabaki na 0.29. Hicho ndicho kimo cha metasenta. Ni chanya, kwa hiyo likiinama kidogo litarudi, ila mimi nisingelipeleka kwenye mawimbi likiwa hivyo.

Makuli wanataka safu 16 ili ibaki njia pana ya kupita. Mzigo si uleule?

Uzito ni uleule, lakini kitovu cha saruji kinapanda hadi mita 2.7, na cha vyote hadi 1.9. Kimo cha metasenta kinakuwa hasi, kama sentimita 7. Kwa kawaida chombo cha namna hii hakipinduki papo hapo. Hulala upande mmoja na kutulia kwa mwinamo fulani, kisha ukikisukuma huenda kulala upande wa pili. Lenu halitapata nafasi ya kutulia. Lingehitaji kuinama karibu nyuzi 18, na ukingo wa sitaha unaingia majini kwenye nyuzi 14. Hapo upana unaoelea unaanza kupungua na mifuko inateleza.

Ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya tishari, ina maji kama sentimita 5 tu. Kuna haja ya kuyafua na kuyamwaga nje?

Fueni kabla ya kupakia. Maji hayo ni tani 2 hivi na yako chini, kwa hiyo mtu hudhani yanasaidia. Shida ni kwamba yanakimbilia upande ulioinama. Yakitandaa ngama nzima bila kizuizi, mwanzoni mwa mwinamo yanakula karibu mita 1.3 ya kimo cha metasenta, nanyi mna 0.29. Ukuta mmoja wa katikati, kutoka omo hadi tezi, hupunguza hasara hadi robo, nayo bado inatosha kumaliza akiba yenu yote.

Tukiongeza bati, bora kurefusha au kupanua?

Kupanua. Kwa uzito uleule, ile 1.33 hukua kwa mchemraba wa upana, ila kwa urefu hukua sawa na urefu tu. Kutoka mita 4 hadi 5 za upana inafika 2.6. Kurefusha kwa kiasi hichohicho, hadi 12.5, inaishia 1.67.

Hiyo 0.7 umeikadiria. Tutajuaje ukweli?

Pimeni. Tishari likiwa limepakiwa, ziwa shwari, kamba za gati zimelegezwa na watu wote wamesimama mahali pamoja, ning'inizeni timazi yenye uzi wa mita 1.5 na muweke alama ilipotulia. Hamisheni mifuko 5 mita 3 kwenda upande, bila kubadili kimo chake, kisha pimeni timazi imesogea kiasi gani. Kilo 250 kwa mita 3 ni 0.75. Igawe kwa tani 40, kisha kwa uwiano wa msogeo na urefu wa uzi. Ikisogea sentimita 9.7, kimo cha metasenta ni 0.29 kama nilivyokisia. Ikisogea zaidi, kimo ni kidogo zaidi. Rudieni upande wa pili. Majibu mawili yakitofautiana sana, angalieni ngama kwanza.