Usiyaruke yaliyo kwenye mabano

Nikisoma tamthilia naruka yale maandishi ya kwenye mabano ili nifike haraka kwenye mazungumzo. Kuna ninachokosa?

Unakosa uwongo wa kwanza wa Nora. Chukua "A Doll's House", tamthilia ya Henrik Ibsen ya 1879, ile ya Nora na mumewe Helmer. Mwanzoni kabisa Nora anatoa mfukoni kifuko cha biskuti za lozi, anakula moja mbili, kisha ananyata hadi mlangoni kwa mumewe na kutega sikio. Kabla ya kumwita mume atoke, anaficha kifuko na kujifuta mdomo. Hayo yote ni maelekezo ya jukwaani, hakuna anayeyatamka. Punde Helmer anamuuliza kwa utani kama hakupitia kwa muuza vitamutamu. Nora anakana. Aliyeruka mabano anamwamini. Aliyeyasoma keshajua kwamba mama huyu wa watoto watatu hupangiwa hata cha kutafuna, na kwamba kumficha mume amekuzoea. Baadaye likifichuka deni ambalo Nora alilichukua kwa siri, halimshangazi msomaji huyo.

Pengine neno lililo kwenye mabano ni "Kimya" tu. Nichambue nini hapo?

Tazama kilichosemwa kabla, halafu uone nani anavunja kimya hicho na kwa maneno gani. Mfano wangu mwenyewe:

MAMA: Ada umelipa?
(Kimya.)
KIJANA: Mama, umekula?

Ondoa kimya, kijana anaonekana hakusikia vizuri. Kirudishe, na tayari pesa zimeliwa. Sasa mpe mama ndiye akivunje: "Haya, chakula kinapoa." Ameshaelewa, na ameamua asiulize tena, angalau leo. Ila usikilazimishe kila kimya kibebe siri. Kingine kipo ili mtu apate kukaa kitini.

Mwishoni mwa "Waiting for Godot" ya Samuel Beckett, Estragon na Vladimir, wale wawili wanaomsubiri Godot, wanakubaliana waende, halafu mabano yanasema hawasogei. Ni kosa la chapa?

Si kosa. Beckett ameliandika mara mbili, mwishoni mwa kila sehemu. Mara ya kwanza Estragon anauliza na Vladimir anakubali. Mara ya pili wamebadilishana, kwa hiyo huwezi kusema mzito ni mmoja. Mdomo ukigombana na miguu, mtazamaji huamini miguu.

Mwalimu anasema maelekezo mengine hata si ya mwandishi. Kweli?

Kweli, hasa kwa Shakespeare: mengi uyaonayo leo, yakiwemo majina ya mahali, yaliongezwa na wahariri wa karne ya 18. Angalia dibaji kabla hujajenga hoja juu yake.

Kwa Ibsen ni yake, na kuyabadilisha kulimuuma. Mwishoni Nora keshatoka, Helmer yuko peke yake, tumaini linamjia ghafla, na kutoka chini unasikika mlango ukifungwa. Jibu lake ni hilo tu. Kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani, ambako mwigizaji mmoja alikataa kucheza mama anayewaacha wanawe, Ibsen aliandika mwisho mwingine: Nora anaonyeshwa watoto, anaishiwa nguvu mlangoni mwao, pazia linashuka. Mlango haulii. Yeye mwenyewe aliuita mwisho huo ukatili.