Siku ya mambo matatu tu

"Umesema siku ya uchovu nifanye mambo matatu tu ya lazima. Nikiamka nimechoka hoi, nayachaguaje?"

Yachague usiku wa jana yake. Asubuhi ya uchovu kila kitu huonekana cha lazima. Jiulize: lisipofanyika leo, kesho litakuwa limeharibika? Muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, ataanika dagaa wabichi, maana wakikosa jua wananuka, atakula na kumeza dawa kama yuko kwenye dozi, kisha atampigia mteja wa Tabora anayesubiri mzigo. Kufua na daftari vingoje. Kila jambo liandike kwa kipimo: "kuanika ndoo mbili kwenye chanja", si "kushughulikia dagaa", maana hilo haliishi. Nguvu zikirudi saa nne usiongeze la nne, pumzika.

— Na maji je? Kwangu bomba linatoka alfajiri tu.

— Basi maji yawe moja ya matatu: ndoo moja ya kunywa na kupikia. Simu apige mwanao.