Neno "kitakuwa" lilivyoniumbua mbele ya maharusi

Juzi msomaji mmoja, naye anafanya kazi dawati la uhifadhi wa vyumba hotelini, kaniandikia: "Dada, bwana harusi ananibana nimthibitishie kwamba chumba alichokiona pichani ndicho watakachopewa kwenye fungate yao, na kwamba wataingia asubuhi. Meneja anasema nimjibu 'tutajitahidi'. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, usiandike "tutajitahidi". Na usiandike nilichoandika mimi.

Mwaka wangu wa pili kazini niliwaandikia maharusi fulani hivi: "Chumba namba 412 kitakuwa tayari saa 4 asubuhi, kitanda kikubwa, roshani ya kutazama bahari." Nilijisikia mhudumu hodari. Namba ya chumba niliiandika kwenye sehemu ya maelezo tu, sikukifunga chumba kwa jina lao kwenye mfumo. Tena hata ningekifunga isingesaidia, kwa sababu usiku wa kuamkia siku yao mgeni aliyekuwa 412 aliugua na daktari akamwambia asisafiri. Mgonjwa huwezi kumtoa kitandani kwa ajili ya maua ya watu wengine. Mwenzangu wa zamu ya usiku akamwongezea siku, akawahamishia maharusi 309. Kwa upande wake alifanya sawasawa, maana kwenye mfumo chumba kilisomeka "cha watu wawili", basi.

Wakafika saa 3 asubuhi wakitoka safari ya usiku kucha. 309 ilikuwa bado na mtu. Walikaa kwenye makochi ya mapokezi mpaka saa 8 mchana, bibi harusi amelala kwenye bega la mumewe na viatu amevivua. Usiku nao wakagundua "kitanda kikubwa" ni vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja. Asubuhi bwana harusi alishuka na barua yangu, ameichapa na kuikunja mara nne. Akaikunjua juu ya kaunta, hakupaza sauti, akaweka kidole kwenye neno moja: "kitakuwa". Akaniuliza, "Hili neno uliliandika wewe?" Meneja alikuwa nyuma yangu. Mpaka leo nikiona karatasi iliyokunjwa mara nne tumbo linanivuruga.

Sasa ngoja niseme nilichojifunza, na wenzangu mnaopenda kupamba barua mnisikie. Kabla sijathibitisha ombi lolote najiuliza: hili liko mikononi mwa nani? Aina ya chumba, kitanda na mapambo viko mikononi mwangu, hivyo nathibitisha bila kuuma maneno. Saa ya kuingia na namba kamili ya chumba viko mikononi mwa mgeni atakayekuwa ndani usiku uliotangulia. Hali ya hewa haiko mikononi mwa yeyote. Ukishapanga hivyo, barua inajiandika yenyewe. Lakini kila usichokiahidi, mwambie mgeni kitakachotokea kisipowezekana. "Hatuwezi kuahidi" ikisimama peke yake ni mlango uliofungwa usoni. Ikifuatwa na "mkifika mapema mtafanyiwa hivi", mtu anaweza kupanga safari yake.

Na kitanda nenda ukakione mwenyewe. Mimi napanda juu, nafunua shuka mpaka kwenye godoro. Picha haionyeshi mpasuo wa katikati, na mfumo wa hoteli nyingi hautofautishi godoro moja zima na mawili yaliyounganishwa. Maharusi wanatofautisha, tena usiku wa kwanza.

Msomaji wangu alinitumia maombi ya wateja wake: bahari, ghorofa ya juu, kitanda kimoja, maua na mishumaa, kuingia asubuhi, na "kama inawezekana chumba bora zaidi bila nyongeza". Nikamwambia apande akafunue shuka kwanza, apige simu ukumbini aulize kuna shughuli gani wiki hiyo, ndipo tukaandika pamoja:

"Hongereni kwa ndoa yenu. Nimepitia maombi yenu moja moja, na chumba nimekwenda kukiona.

Nathibitisha chumba chenye roshani ya kutazama bahari, ghorofa ya nne. Namba ya chumba mtaipata siku ya kufika, ila vyumba vyote vya aina hii upande huo vinatazama bahari. Vitanda vyake ni magodoro mawili, kila moja lina upana wa sentimita 90, yamefungwa pamoja kwa mkanda na juu yake limetandikwa godoro jembamba. Godoro moja zima lipo kwenye vyumba vya upande wa bustani, ambako bahari haionekani. Naomba mchague, na nitakifunga chumba kwa jina lenu kulingana na jibu lenu.

Maua na kadi mtavikuta chumbani. Kama mmoja wenu ana mzio wa maua, niambieni tuache. Mishumaa ya moto haturuhusu kwa sababu ya king'ora cha moshi, tutaweka ya betri.

Kuingia ni saa 8 mchana. Asubuhi siwezi kuahidi, kwa sababu chumba kinaweza kuwa na mgeni hadi saa 5. Mkifika mapema tutawatunzia mizigo, na mtaoga na kubadili nguo kwenye vyumba vya bwawa. Mkitaka uhakika wa kuingia asubuhi, njia ni moja tu: kulipia pia usiku unaotangulia.

Kupandishwa chumba cha daraja la juu bila malipo siahidi. Huamuliwa siku yenyewe, kutegemea vilivyobaki, na huenda visibaki.

Jumamosi kuna sherehe ukumbini hadi saa 5 usiku. Muziki husikika zaidi ghorofa ya kwanza na ya pili. Ghorofa ya nne haufiki kwa nguvu, lakini mkikaa roshani mtausikia."

Meneja wake alitaka hiyo aya ya sherehe ifutwe. Alisema tunawafukuza wateja. Nilimwambia msomaji wangu abishe kwa adabu, maana muziki hauna siri, watausikia tu; tofauti ni kama watausikia wakijua au wakijihisi wametapeliwa. Aya ikabaki. (Mameneja wengine huwa wanatuachia sisi tukunjuliwe barua zetu kaunta.)

Jambo moja ambalo halimo kwenye barua lakini lingeweza kuharibu kila kitu: ombi la maua lilitoka kwa bwana harusi peke yake, kutoka barua pepe yake binafsi, na uhifadhi ulifanywa kwa anwani ya bibi harusi. Msomaji wangu angejibu kwenye anwani ya uhifadhi, bibi harusi angesoma mshangao wake wiki tatu kabla. Uliza kwanza: jibu hili nilitume kwa nani, na nani asilione? Bwana harusi alisema maua hayakuwa siri. Sawa, lakini swali liliulizwa.

Jana jibu lao limefika. Wamechagua bahari, na usiku wa kutangulia wameulipia. Kuhusu chumba cha daraja la juu hawakugusia tena. Swali lao lilikuwa moja: hilo godoro jembamba la juu lina unene gani?

Msomaji wangu akapanda tena ghorofa ya nne na futi kamba. Sentimita 6.